Dakika ya Ishirini

Mwanamke ninayetaka kumsema hapa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akitamka neno "nimekosea". Wanafunzi wanamwita Mama Mizani, kwa sababu hata chumvi ya kunyunyiza kwenye yai la kuchemsha ataipima kwanza. Anafundisha mapishi katika chuo chetu cha ufundi. Mimi ni mtunza stoo. Unga, sukari, siagi na mayai havimfikii mpaka vipite mikononi mwangu, kwa hiyo kila asubuhi lazima tugombane kidogo, maana bila ugomvi siku haianzi.

Ana tabia moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Keki ya mwanafunzi ikiharibika, hasemi kitu. Anaitazama, anaibonyeza kwa kidole, anaguna, anaondoka. Kesho yake mwanafunzi anapewa barua. Si kikaratasi cha mistari miwili, ni barua nzima kwa mwandiko wake uliosimama wima, inayoeleza kosa, sababu ya kosa na dawa yake. Nilipomuuliza kwa nini asiseme tu kwa mdomo, alinijibu kwamba mtu aliyesimama mbele ya keki yake iliyobonyea hasikii sababu, anasikia matusi. Nakala anatoa kwa karatasi ya kaboni na kuniletea mimi, nizitunze kwenye droo ya chini ya meza yangu ya stoo. Hata waliokwisha maliza chuo wakimwandikia kuhusu shida zao, anawajibu kwa utaratibu uleule, na nakala inakuja kwangu.

Sasa sikiliza habari ya oveni yetu, maana ndiyo mzizi wa fitina. Ni ya gesi, kuukuu, na moto wake unalalia upande wa kushoto nyuma. Ukiacha keki ndani bila kuigusa, inatoka upande mmoja umeiva vizuri, upande wa pili mweupe kama aliyetoka kuugua. Tumeomba fundi miaka kumi na moja. Fundi hakuja. Basi Mama Mizani akatunga sheria yake: ikifika dakika ya ishirini, fungua, vuta trei, geuza nusu duara, rudisha, funga. Aliiandika ubaoni kwa rangi ya mafuta ili isifutike. Keki zikatoka zimeiva pande zote, na wanafunzi wakaikariri dakika hiyo kama namba za simu za wazazi wao.

Mdogo wangu wa kike naye alipita darasani humo, miaka tisa iliyopita. Alikuwa na mkono mwepesi, kila mtu alisema. Alipomaliza, jirani akampa kazi ya keki ya harusi ya bintiye. Keki ikabonyea katikati, akapika nyingine, nayo ikabonyea. Aliandika kwa mwalimu wake, akajibiwa. Mimi dada yake, badala ya kumfariji, nilimwambia mbele ya watu kwamba mkono wake umekuwa mzito. Tangu siku hiyo hajagusa unga. Anashona nguo, anashona vizuri, na oveni aliyonunuliwa na mumewe anawekea vitambaa.

Basi Jumatano moja akaja mama mmoja na kopo la bati mkononi. Alikuwa shangazi wa Kimya. Kimya ni msichana aliyemaliza chuo mwaka huu, wa kwanza katika darasa lake, na jina hilo walimpa wenzake kwa kuwa mtu anaweza kukaa naye kutwa asisikie sauti yake. Alikuwa amepata nafasi ya majaribio katika duka la keki, mji wa pili kutoka kwetu, safari ya saa nne kwa basi. Ndani ya kopo mlikuwa na kipande cha keki na barua.

Barua ilikuwa fupi kama mwenyewe. Alisema amepika keki tatu za siagi na zote zimebonyea katikati. Amefuata kila kitu alichofundishwa. Bosi wake amempa nafasi ya mwisho Jumamosi, na ikibonyea ya nne, aende kwao. "Mwalimu, labda mimi sikuumbiwa kazi hii. Nikishindwa Jumamosi sitajaribu tena popote." Na chini akaongeza kwamba simu yake imetumbukia kwenye maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo shangazi atasubiri jibu.

Mama Mizani alikasirika. Nilimwona shingo ikimsimama. Mwanafunzi wake bora, keki tatu! Aliona ni uzembe tu, msichana ameona mji mkubwa kidogo akajisahau. Alikaa, akaandika palepale, akafunga bahasha, akampa shangazi, shangazi akawahi basi. Kipande kilichobaki ndani ya kopo hakukigusa hata kidogo. Mimi nilipewa nakala niitie kwenye droo, nami siku hiyo nilikuwa napokea mayai, nikaitia bila kuisoma.

Niliisoma Alhamisi asubuhi, nikinywa chai. Loo! Chai ilinipalia.

Iliandikwa hivi: "Mwanangu, keki hubonyea kwa sababu ya haraka na ujuaji. Bila shaka umezidisha baking poda, umechota kijiko cha mlima badala ya kijiko cha kusawazisha kwa kisu. Poda ikizidi, keki hupanda mbio kisha huanguka, maana haina nguvu ya kujishikilia. Jumamosi tia nusu ya kipimo. Tena acha kufungua fungua oveni kuchungulia, keki si sinema. Na usisahau kugeuza dakika ya ishirini."

Nikairudia mistari miwili ya mwisho. Usifungue. Fungua dakika ya ishirini. Nikasema peke yangu kwa sauti, "Huyu mwanamke atanitoa roho."

Nikalifungua kopo. Mimi si mwalimu, lakini miaka kumi na tisa nimekula makosa ya wanafunzi kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Keki iliyozidishwa poda ina matundu makubwa makubwa na inaacha uchungu wa sabuni nyuma ya ulimi. Hiki kipande kilikuwa laini, matundu madogo yaliyolingana, kitamu. Ila pale chini ya bonde palikuwa na ukanda mzito, wa majimaji, kama ugali usioiva. Keki hii ilipanda vizuri, kisha ikaangushwa ikiwa bado mbichi tumboni.

Nilimfuata darasani na nakala mkono mmoja, kipande mkono wa pili. Kwa bahati wanafunzi walikuwa hawajaingia.

"Onja," nikamwambia.

"Nina kazi, dada."

"Onja kwanza. Uchungu wa poda uko wapi?"

Akaonja. Akatafuna polepole, macho yakitazama dirishani.

"Haumo," nikasema. "Na wewe jana ulimwandikia atie nusu. Akitia nusu, keki itatoka imelala kama tofali. Halafu umemwambia asifungue oveni, halafu umemwambia afungue dakika ya ishirini. Sasa mtoto wa watu ashike lipi?"

"Kugeuza si kufungua."

"Si kufungua? Anapitisha trei kwenye tundu la ufunguo?"

"Miaka kumi na moja nageuza dakika ya ishirini na hakuna keki iliyobonyea humu!" Sauti yake ilipanda mpaka mfagizi akachungulia. "Umekuwa mwalimu sasa? Rudi ukahesabu mayai yako."

Nilitaka kurudi kweli, tena kwa kubamiza mlango. Kilichonizuia ni bati dogo la keki lililokuwa mezani mbele yake. Mabati ya chuo ni ya sentimita kumi na tano, mafupi, kwa sababu unga ninaopewa hautoshi kila mwanafunzi apike kubwa. Keki ile inaiva kwa nusu saa. Dakika ya ishirini imeshashika, hata ukiigeuza na kuitikisa haianguki. Nikamuuliza, kwa upole mara hii, mabati ya dukani kwa Kimya yana ukubwa gani.

Anajua mizani, huyu mama. Hesabu haikumchukua muda. "Ya madukani ni ishirini na tatu," akasema. "Marefu. Dakika hamsini, hamsini na tano."

"Na dakika ya ishirini, katikati yake pakoje?"

Akanyanyua kichwa kuutazama ubao na ile sheria yake ya rangi ya mafuta.

Mwingine angeishia hapo. Mama Mizani hakubali neno mpaka lipimwe. Baada ya vipindi alinidai bati kubwa, nikaliibua nyuma ya magunia, tukapika wawili. Mchanganyiko uleule, mizani ileile, oveni ileile. Keki ya kwanza akaigeuza dakika ya ishirini kama kawaida yake. Alipovuta trei tuliona sote: kingo zimeshika, katikati kunatikisika kama uji kwenye bakuli. Akageuza, akafunga. Tukakaa kwenye ndoo za mafuta tukitazama kioo cha mlango, na tuliiona ikishuka, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayeketi. Keki ya pili hakuigusa mpaka dakika ya arobaini, ndipo akaigeuza upesi. Ilitoka upande wa kushoto umekolea rangi kidogo, lakini juu sawasawa.

Aliziweka mbili hizo pamoja mezani. Akavua aproni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nani mwingine?" akaniuliza.

"Nani mwingine nini?"

"Niliowajibu hivi. Lete droo."

Nilileta droo nzima. Tulipekua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa kaboni. Barua za keki zilizobonyea, za wanafunzi waliokwisha ondoka, ukiacha ya Kimya, zilikuwa kumi na saba. Kumi na saba! Kila mmoja ameambiwa amezidisha poda, au ana haraka, au hakuzingatia. Na majibu yao yalikuwa yamebanwa kwa pini nyuma ya nakala, nami nilikuwa nimeyabana kwa mkono wangu bila kuyatia akilini: asante mwalimu, nisamehe mwalimu, nitajirekebisha mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuandika, mwalimu, si wewe uliyeniambia nifungue? Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini mimi niliyekaa na droo hiyo miaka yote nilikuwa na macho ya nini?

Ya mdogo wangu ilikuwa ya nne kutoka chini. Niliiruka. Yeye aliniona nikiiruka.

"Piga simu dukani," nikamwambia, maana Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nilipiga mwenyewe. Akapokea mwanamke, sauti kavu, akasema wafanyakazi wake hawaitwi kwenye simu wakiwa kazini, akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa. Mimi natukana, Mama Mizani anaandika. Aliandika na kuchana, akaandika na kuchana, mpaka nikamwambia kwamba na karatasi pia zina mwisho stoo.

Hatimaye akanipa barua ikiwa wazi. "Isome. Kesho una ruhusa, nimekuombea kwa mkuu. Ipeleke kwa mkono wako."

Nilisafiri Ijumaa mchana, nikalala kwa binamu yangu, na Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa mlango wa nyuma wa duka lile. Kimya alikuwa peke yake jikoni, bosi yuko mbele anapanga kabati la vioo. Barua ya kwanza alikuwa ameibandika ukutani juu ya mizani. Siagi na sukari zilikwisha korogwa, nyeupe na laini, mayai yamekwisha ingia. Mkononi alishika kijiko cha poda, nusu, amekisawazisha kwa kisu.

"Shikamoo, mama stoo," akasema, macho yamemtoka.

"Marahaba. Weka hicho kijiko chini. Soma hii kwanza."

Akafuta mikono, akasoma akiwa amesimama. Barua ninayo kichwani, kwa hiyo naiandika hapa.

"Mwanangu, barua yangu ya Jumatano itupe. Niliandika kwa hasira, bila kuonja kipande chako. Poda yako ilikuwa sahihi, usipunguze hata chembe.

"Keki ikiwa ndani ya oveni, hewa uliyoikorogea pamoja na gesi ya poda vinapanuka kwa joto na kuinyanyua. Lakini kinachoishikilia juu ni mayai na unga, na hivyo havishiki mpaka vipate joto la kutosha. Kingo hushika kwanza, katikati mwisho. Ukifungua mlango katikati kukiwa bado uji, joto linatoroka, hewa inasinyaa, na hakuna kitu cha kuizuia isianguke. Ikishaanguka haipandi tena, hata uipike mpaka kesho.

"Dakika ya ishirini niliwafundisha kwa sababu oveni ya chuo ni mbovu na mabati ya chuo ni madogo. Sikuwaambia sababu. Niliwapa dakika, sikuwapa akili yake. Kwa bati lako kubwa, dakika ya ishirini ni mapema mno. Oveni za madukani siku hizi zina feni inayosambaza joto, huna haja ya kugeuza kabisa. Usifungue mpaka dakika ya arobaini na tano ipite. Ndipo uchome kijiti katikati. Kikitoka kikavu, na keki ikirudi ukiibonyeza, na kingo zimejitenga kidogo na bati, itoe. Kikitoka na uji, funga upesi, ungoje dakika tano.

"Keki tatu zilibonyea kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyekosea."

Kimya alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akatazama ile ya ukutani, mwandiko uleule, wima uleule.

"Nishike ipi?" akauliza. Sauti yake haikuzidi mnong'ono.

Nikataka kumfokea. Nikakumbuka kwamba sisi wenyewe ndio tuliomlea hivyo, ashike anachoambiwa. "Jana keki mbili zilipikwa mbele ya macho yangu," nikasema. "Juzi, naam, Alhamisi. Iliyofunguliwa mapema ilishuka nikiitazama. Kwani wewe zako zilishuka saa ngapi?"

Akafikiri. "Baada ya kugeuza," akasema. "Zote. Niliona. Nikadhani nageuza vibaya."

Akaongeza nusu ya pili ya poda kwenye unga, akachekecha, akachanganya kwa mwiko mwepesi, akamimina, akatia ovenini. Bosi alikuja akanikuta nimekaa kwenye kreti mlangoni, akaniuliza mimi nani. Nikamwambia mimi ni shangazi. Mungu atanisamehe.

Saa ya ukutani ilikuwa kubwa, ya sekunde inayoruka. Ilipofika dakika ya ishirini, msichana akainuka. Hakujua kama ameinuka, mkono wenyewe ulikwisha shika kitambaa. "Kimya!" nikamwita. Akashtuka, akarudi kwenye kiti, akaikalia mikono yake yote miwili, akabaki hivyo, midomo ikihesabu. Bosi alimtazama kwa mshangao, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo.

Dakika ya arobaini na saba alichoma kijiti, kikatoka na unyevu. Akafunga. Ya hamsini na mbili kikatoka kikavu. Aliiweka mezani, na sote watatu tukainama tukaitazama ikitulia. Ilikuwa sawa, imejaa kifua, haina bonde. Bosi akaibonyeza kwa kidole, ikarudi. Akasema, "Jumatatu njoo saa kumi na mbili, na ulete aproni yako mwenyewe." Akaenda zake mbele. Kimya alilia kwenye kitambaa cha oveni, na mimi nikamgombeza kwamba atakichafua.

Nilirudi na kipande chake ndani ya lile lile kopo la bati. Jumatatu nilimkuta Mama Mizani darasani kabla ya wanafunzi, juu ya stuli, anakwangua ubao kwa kisu. Rangi ya mafuta haitoki kirahisi. Alikwisha ondoa "ishirini", sehemu nyingine bado imeng'ang'ania. Alishuka, akafungua kopo, akala kipande chote, mpaka makombo.

Kisha akanipa rundo la bahasha. Kumi na sita, kila moja ina jina.

"Umekosea kuhesabu," nikamwambia. "Ukitoa ya Kimya, walikuwa kumi na saba."

"Ya kumi na saba niliipeleka mwenyewe jana," akasema. "Kwa mdogo wako. Niliona uliiruka."

Nikaziweka bahasha mezani.

"Amesemaje?"

"Aliisoma. Akatoa vitambaa ndani ya oveni, akaviweka kitandani." Alikuwa anakung'uta vipande vya rangi kwenye aproni, hanitazami. "Akaniuliza kama na wewe utaandika yako."

Niliomba karatasi moja. Nimekaa nayo stoo tangu asubuhi, kalamu mkononi, na mayai yako mlangoni yanangoja kuhesabiwa.